Wimbi bapa ndani ya kipitishi umeme: jinsi ya kukokotoa kina cha ngozi na kukielewa

Nyambizi iliyo mita kumi chini ya bahari haiwezi kupokea matangazo ya kawaida ya redio, lakini inaweza kupokea ishara ya masafa ya chini sana, kama kilohezi 20. Maji ni yaleyale, antena inaweza kuwa ileile, ila masafa tu ndiyo yamebadilika. Mwongozo huu unatumia mfano huo mmoja kuonyesha, hatua kwa hatua, kinachotokea wimbi la sumakuumeme linapoingia katika kitu kinachopitisha umeme, na maana halisi ya ule urefu unaoitwa kina cha ngozi. Nimechagua maji ya bahari badala ya shaba kwa sababu ndani ya maji mtu anaweza kushuka, akapima, akashuka tena. Ndani ya waya wa shaba mambo hayohayo, kwa masafa hayohayo, yanamalizika katika milimita chache tu.

Unachohitaji ni namba changamano, vipeuo vya pili, na kujua kwamba uga wa umeme (E) na uga wa sumaku (H) ukibadilika mmoja, huzalisha mwingine.

Hatua ya 1: Jua kitu chako kinapitisha umeme kiasi gani, kwa masafa yapi

Andika kwanza namba tatu za kitu chenyewe. Kwa maji ya bahari, upitishaji umeme σ ni kama 4 S/m (hupanda na kushuka kidogo kufuatana na chumvi na joto la maji). Uwezo wake wa kuhifadhi uga wa umeme, ε, ni kama mara 80 ya ule wa ombwe, yaani 7.08 × 10⁻¹⁰ F/m. Kwa upande wa sumaku maji hayana tofauti na ombwe: μ = 4π × 10⁻⁷ H/m.

Ndani ya kitu hiki uga wa umeme unaleta mikondo ya aina mbili. Wa kwanza ni mkondo wa kawaida, σE, ambao ni chaji zinazosukumwa kupita katika maji, na ndio unaozalisha joto. Wa pili ni ule aliouongeza Maxwell, unaotokana na uga kubadilika kadiri muda unavyopita; ukubwa wake ni ωεE, ambapo ω = 2πf. Huu wa pili haupotezi nishati. Ndio unaoliwezesha wimbi kusafiri katika ombwe.

Swali la kuuliza kabla ya hesabu yoyote ni hili: mkondo upi umeutawala mwenzake? Gawanya wa kwanza kwa wa pili:

```
σ / (ωε)
```

Kwa kilohezi 20, ω ni 1.257 × 10⁵, na ωε ni 8.9 × 10⁻⁵. Ukigawa 4 kwa hiyo unapata takriban 45,000. Mkondo wa kawaida umeushinda ule wa Maxwell mara elfu arobaini na tano, kwa hiyo maji ya bahari, kwa masafa haya, ni kipitishi bora kabisa. Usiache hatua hii hata kama jibu linaonekana wazi. Maji hayohayo kwa gigahezi 1 yana uwiano wa 0.9 tu, na hapo fomula fupi tutakayoipata hapa chini haifai tena. Hakuna kitu ambacho ni kipitishi bora kwa masafa yote. Sifa hiyo ni ya kitu pamoja na masafa yake.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya wimbi

Chukua wimbi bapa linaloshuka wima, z ikiwa kina kutoka usoni mwa maji. Wimbi bapa maana yake ni kwamba katika kina kimoja uga una thamani ileile kila mahali, kulia na kushoto. Unabadilika unapokwenda chini tu. Basi tunaandika

```
E(z, t) = E₀ · exp[ i(kz − ωt) ]
```

na kuitia katika milinganyo miwili ya Maxwell inayounganisha E na H. Ukiiondoa H, unabaki na sharti moja juu ya k:

```
k² = ω²με + iωμσ
```

Neno la kwanza ni la wimbi la kawaida. Neno la pili, lenye i, limeletwa na mkondo unaopitishwa, na ndilo chanzo cha yote yanayofuata. Katika Hatua ya 1 tuliona kuwa linazidi la kwanza mara 45,000, kwa hiyo la kwanza tunaliacha:

```
k² ≈ iωμσ
```

Sasa tunahitaji kipeuo cha pili cha i. Ni (1 + i)/√2. Ukitaka kuhakikisha, zidisha namba hiyo kwa yenyewe. Hivyo

```
k = (1 + i)/δ,    δ = √( 2/(ωμσ) )
```

Huo urefu δ ndio kina cha ngozi. Ukirudisha k katika wimbi na kuchukua sehemu halisi:

```
E = E₀ · exp(−z/δ) · cos(z/δ − ωt)
```

Tua hapa kidogo uutazame mstari huu. δ imetokea mara mbili. Mara ya kwanza inasema uga unafifia kwa kasi gani unaposhuka. Mara ya pili, ndani ya kosaini, inasema fazi inachelewa kwa kasi gani. Vitu viwili ambavyo kwa kawaida havina uhusiano, yaani kufifia na urefu wa wimbi, ndani ya kipitishi bora vimefungwa kwenye namba moja. Watu wengi huikariri ile ya kwanza na kuisahau ya pili, na hapo hupoteza nusu ya maana ya kina cha ngozi.

Hatua ya 3: Weka namba

Kwa kitu kisicho na sumaku, fomula ya δ inafupika kuwa

```
δ ≈ 503 / √(σ f)      (mita)
```

f ikiwa kwa hezi na σ kwa S/m. Kwa bahari na kilohezi 20: σf ni 80,000, kipeuo chake ni 283, na δ ni mita 1.78.

Kosa linalotokea zaidi katika hatua hii ni kuweka f mahali pa ω katika fomula ndefu. Jibu linakuwa kubwa mara 2.5, na kwa kuwa bado linaonekana la maana, halikushtui. Ndiyo sababu napendelea fomula ya 503: ndani yake 2π imeshahesabiwa.

Kwa δ hiyo unapata mengine yote. Urefu wa wimbi ndani ya maji ni 2πδ, yaani mita 11.2. Hewani, wimbi hilohilo lina urefu wa kilomita 15. Mwendo wake ni ωδ, takriban kilomita 224 kwa sekunde, wakati hewani ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo mdogo kiasi hicho, kanuni ya kupinda kwa mawimbi inalilazimisha wimbi kuelekea wima karibu kabisa, hata kama hewani lilikuwa linasafiri sambamba na uso wa bahari. Hata pembe kubwa kuliko zote ndani ya maji ni kama nyuzi 0.04 tu kutoka wima. Kwa hiyo dhana yetu kwamba wimbi linashuka wima haikuwa ya kurahisisha hesabu tu. Maji yenyewe yanalilazimisha.

Hatua ya 4: Soma maana ya δ bila kuipotosha

Kina cha ngozi si ukuta. Wimbi halifiki mita 1.78 likakoma. Hapo kimo chake kimebaki asilimia 37 ya kile cha usoni, kwa sababu 1/e ni 0.37. Kwenye kina cha 3δ kimebaki asilimia 5, na kwenye 5δ imebaki chini ya asilimia moja. Kwa desibeli ni rahisi zaidi kukumbuka: kila δ moja inakula desibeli 8.7. Ukishuka urefu mmoja wa wimbi, 2πδ, umepoteza desibeli 55. Ndiyo maana ndani ya kipitishi bora huwezi kuona mawimbi yakifuatana kama yanavyochorwa vitabuni. Kabla mzunguko mmoja haujaisha, wimbi limebaki kama sehemu moja kwa mia tano.

Angalia pia kama unazungumzia uga au nguvu. Nguvu inafuata mraba wa uga, hivyo inafifia kwa exp(−2z/δ). Kwenye kina cha δ moja, asilimia 86 ya nguvu iliyoingia imeshageuka joto.

Lakini kwa nini uga unafifia? Sababu yenyewe si kwamba joto linakula nishati tu. Uga unaobadilika unazalisha mkondo ndani ya maji, na mkondo huo unazalisha uga wake wa sumaku. Kila tabaka la maji linatoa uga ambao, kwa tabaka zilizo chini yake, unapingana na uga uliotoka juu. Tabaka la kwanza linaficha kidogo, la pili linaficha kidogo cha kilichobaki, na kuendelea hivyo. Masafa yakipanda, uga unabadilika haraka zaidi, mkondo unaoamshwa unakuwa na nguvu zaidi, na kazi hiyo ya kuficha inakamilika katika unene mdogo zaidi. Ndiyo sababu f iko chini ya mstari wa sehemu. Na kwa kuwa iko ndani ya kipeuo cha pili, ukitaka kushuka mara mbili zaidi, lazima upunguze masafa mara nne.

Ukitaka picha ya kukumbukia, tumia joto la ardhini. Jua huupasha uso wa ardhi mchana na kuuacha upoe usiku, lakini ukichimba nusu mita, joto halibadiliki sana, na badiliko dogo lililopo linachelewa kwa saa kadhaa. Mlinganyo ni uleule hasa: ukiacha mkondo wa Maxwell, mlinganyo wa uga ndani ya kipitishi unakuwa mlinganyo wa kusambaa kwa joto. Wimbi limeacha kusafiri, sasa linapenyeza. Kufifia na kuchelewa kwenda pamoja ni tabia ya kila kitu kinachopenyeza kwa namna hiyo.

Hatua ya 5: Usisahau mlangoni

Hesabu nyingi huanzia chini ya uso, kana kwamba E₀ ni uga ule uliopimwa hewani. Sivyo. Katika mfano wetu wa mita kumi, hasara kubwa kuliko zote kwa uga wa umeme iko mpakani, kabla ya sentimita ya kwanza ya maji.

Uwiano kati ya E na H ndani ya kipitishi bora ni

```
E / H = (1 − i) / (σδ)
```

Ukubwa wake kwa mfano wetu ni √2 ÷ (4 × 1.78), yaani omu 0.199. Hewani uwiano huo ni omu 377. Hiyo (1 − i) inasema jambo lingine pia: ndani ya maji H inachelewa nyuma ya E kwa nyuzi 45, wakati hewani zinakwenda sambamba.

Tuseme tumepima uga wa umeme wa 1 mV/m juu ya bahari, kutoka kwa wimbi linalosafiri juu ya maji. Uga wake wa sumaku ni 1 mV/m ÷ 377, yaani 2.65 µA/m. Uga wa sumaku ulio sambamba na uso hauruki unapovuka mpaka. Chini tu ya uso bado ni 2.65 µA/m. Zidisha kwa omu 0.199, na unapata uga wa umeme ndani ya maji: 0.53 µV/m. Kutoka milivolti moja tumebaki na nusu ya mikrovolti kwa mita, yaani tumepoteza takriban desibeli 65 bila kushuka hata kidogo.

Sasa shuka mita 10. Hizo ni δ 5.62, na exp(−5.62) ni 0.0036, yaani desibeli 49. Uga uliobaki ni kama 1.9 nV/m. Hebu linganisha: mpaka umekula zaidi ya mita kumi za maji. Uga wa sumaku, kwa upande wake, umelipa zile desibeli 49 za maji tu, haukulipa chochote mlangoni. Ndani ya kipitishi, karibu nishati yote ya uga iko upande wa sumaku, na hapo ndipo antena ya kitanzi, inayoitikia H, inapopata maana yake.

Kuna jambo hapa ambalo huwafariji wanaohofia nanovolti mbili. Kelele kubwa ya redio katika masafa haya inatoka kwa radi duniani kote, na hiyo nayo inashuka kutoka juu kupitia maji yaleyale, ikififia kwa kiwango kilekile. Uwiano wa ishara na kelele hiyo haubadiliki kwa kina. Kikomo cha kweli kinafika pale kelele ya radi inapokuwa ndogo kuliko kelele ya kipokezi chenyewe. Kuanzia hapo kila δ moja inakugharimu desibeli 8.7 kamili.

Ukitaka kwenda chini zaidi, punguza masafa. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na mitambo katika majimbo ya Wisconsin na Michigan iliyorusha kwa hezi 76 hadi ilipozimwa mwaka 2004. Kwa hezi 76, δ ya bahari ni mita 29. Kwa mita 100 unapoteza desibeli 30 tu. Kwa kilohezi 20, mita 100 hizohizo zingekula karibu desibeli 490, ambazo hakuna mtambo wowote unaoweza kuzifidia. Gharama yake ni kwamba masafa madogo hivyo hubeba ujumbe polepole mno, herufi chache kwa dakika nyingi.

Hatua ya 6: Hakiki kwa nishati

Hatua hii mimi huifanya kila mara, kwa kuwa inafichua kosa la 2 au √2 lililojificha. Nguvu inayoingia kwa kila mita ya mraba ya uso, kwa wastani wa muda, lazima ilingane na joto lote linalozalishwa chini yake.

Joto: mkondo σE ukizidishwa na E, kwa wastani, unatoa ½σE₀² · exp(−2z/δ) kwa kila mita ya ujazo. Ukijumlisha kutoka usoni hadi chini kabisa, jumla ya exp(−2z/δ) ni δ/2. Kwa hiyo joto lote ni σδE₀²/4.

Nguvu inayoingia: nusu ya E mara ile sehemu ya H iliyo sambamba nayo kifazi. Kwa uwiano wa Hatua ya 5, sehemu hiyo ni σδE₀/2, na jibu ni σδE₀²/4. Zimelingana.

Hapa ndipo maana ya pili ya kina cha ngozi inapojitokeza. Jumlisha mkondo wote kutoka usoni hadi chini; kimo chake ni σδE₀/√2 kwa kila mita ya upana. Ukiuliza ni ukinzani gani ungetoa joto lile kwa mkondo huu, jibu ni 1/(σδ). Huo ndio ukinzani wa bamba lenye unene wa δ hasa, mkondo ukiwa umeenea sawasawa ndani yake. Mkondo wenyewe haukai hivyo, umeenea hadi chini huku ukififia na kuchelewa. Lakini kwa hesabu ya joto unaruhusiwa kuuchukulia kana kwamba umejaa katika ngozi ya unene wa δ. Ndivyo mafundi wa redio wanavyokokotoa ukinzani wa waya: shaba kwa megahezi 1 ina δ ya mikromita 66, na waya mnene unapitisha mkondo kwenye ganda hilo tu.

Mahali hesabu inapokwama, na jinsi ya kugundua

Fomula fupi inadai σ/(ωε) iwe kubwa sana. Ikishuka karibu na 10 au chini, tumia fomula kamili, ambayo haiachi neno lolote:

```python
from math import pi, sqrt

def wimbi(f, sigma, er=1.0, mr=1.0):
    w = 2*pi*f
    e, m = er*8.854e-12, mr*4e-7*pi
    q = sqrt(1 + (sigma/(w*e))**2)
    p = w*sqrt(m*e/2)
    return 1/(p*sqrt(q - 1)), p*sqrt(q + 1)

print(wimbi(20e3, 4, 80))
print(wimbi(1e9, 4, 80))
```

Namba ya kwanza inayotoka ni kina cha ngozi kwa mita, ya pili ni radiani za fazi kwa kila mita. Kwa kilohezi 20 utapata 1.78 na 0.56, sawa na tulivyopata kwa mkono. Kwa gigahezi 1 kina ni milimita 12.9, wakati fomula ya 503 ingekupa 8.0. Kosa la zaidi ya theluthi, bila onyo lolote.

Kikwazo cha pili ni unene. Hesabu yote hii inadhani kipitishi kinaendelea chini bila kikomo. Bamba la shaba la milimita 1 kwa hezi 50, ambapo δ ni milimita 9.3, halifuati exp(−z/δ), kwa sababu sehemu ya wimbi inafika upande wa pili na kurudi. Bahari yenye kina kifupi ina shida hiyohiyo pale sakafu inapokuwa ndani ya δ mbili au tatu.

Cha tatu ni chuma. μ yake inaweza kuwa mara mamia ya ile ya ombwe, na tena inabadilika na nguvu ya uga, hivyo δ ya chuma haina thamani moja ya kuandika kwenye jedwali.

Kama una vipimo mkononi na hujui iwapo uko katika hali ya kipitishi bora, kipimo kimoja kinatosha kukuambia. Pima kimo na fazi katika vina kadhaa. Chora logarithimu asilia ya kimo dhidi ya kina, kisha chora fazi kwa radiani dhidi ya kina. Katika kipitishi bora kinene, mistari hiyo miwili inashuka kwa mteremko mmoja, 1/δ. Unaposhuka δ moja, uga ubaki asilimia 37 na fazi ichelewe nyuzi 57. Fazi ikikimbia zaidi ya kufifia, mkondo wa Maxwell umeanza kuhesabika. Kwa bahari na gigahezi 1, miteremko hiyo inaachana kwa mara 2.6. Na kama mistari inapindapinda badala ya kunyooka, kuna wimbi linalorudi kutoka chini, au upitishaji wa maji unabadilika kwa tabaka, na hapo δ moja haitoshi kueleza ulichopima.